Limiti ya Wifi Yangu

Wifi yangu alikuwa na limiti ya shilingi elfu sitini. Nasema wifi kwa maana ya dada wa mume wangu, si ile ya intaneti, ingawa huyu naye hukatika bila taarifa. Elfu sitini ndizo programu ya mikopo kwenye simu yake ilikuwa tayari kumpa wakati wowote, bila mdhamini, bila hati ya shamba, bila hata kumwangalia usoni. Aliitaja limiti hiyo kama watu wengine wanavyotaja shule walizosomea watoto wao. Mgeni akija kibandani kuuliza bei ya pazia, ungedhani atajibiwa bei ya pazia. La. Kwanza angejulishwa, kwa njia ya mzunguko, kwamba anaongea na mwanamke wa elfu sitini.

Kibanda chetu kiko ghorofa ya pili katikati ya jiji, kwenye mojawapo ya yale majengo yaliyokatwakatwa vijumba vya kioo ambayo Nairobi tunayaita eksibisheni. Tunashona mapazia, mimi na yeye. Yeye anakata na kushona, mimi ninapima, ninatundika na kubembeleza wateja. Wateja wetu wengi wako upande wa magharibi, Hurlingham, Loresho, Kitisuru, ambako dirisha moja la sebuleni linakula kitambaa ambacho kingevalisha kwaya nzima. Vitambaa tunavinunua taslimu, kazi tunalipwa mtu akipenda. Katikati ya hayo mawili ndipo programu ilipojipatia makao.

Sitaitaja jina, maana haina ubaya kuwazidi wenzake. Ilianza na wifi yangu kwa kumpa elfu moja, na kwa elfu hiyo ikamtoza ada ya asilimia kumi na nane. Nilimcheka. Nilimwambia hata yule mwanamume anayekopesha wauza mboga sokoni ana aibu zaidi. Akalipa kwa wakati. Ikampa elfu mbili na nusu. Akalipa. Ikampa elfu tano, ada ikashuka kidogo. Kila mkopo ukifungwa kwa wakati, programu ilimpima upya: kiasi kilipanda ngazi moja, ada ikateremka ngazi moja, kama watu wawili wanaopishana kwenye eskaleta. Kulikuwa na madaraja pia, na majina ya kupendeza. Shaba, Fedha, Dhahabu. Alipofika Dhahabu, ada yake ilikuwa asilimia nane kwa mkopo wa siku thelathini, na kwenye simu ikatokea picha ya nyota zikimwagika na maneno, "Hongera! Wewe ni mteja wetu wa Dhahabu." Siku hiyo alininunulia chai na mahamri mawili. Kwa kawaida hata maji hanunui.

Kwenye chama chetu cha wanawake hali ilikuwa hivyo hivyo. Zamani tulikuwa tunapimana kwa viatu. Siku hizi mtu anakaa kwenye kochi, anaweka simu mezani kioo kikiangalia juu, na anangoja uulize. Mmoja wetu, ambaye mume wake ana magari mawili, aligundulika kuwa na limiti ya elfu tatu kwa sababu alikuwa na tabia ya kulipa akikumbuka. Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemsikiliza tena akitoa ushauri wa ndoa.

Wifi yangu alikuwa na nadharia zake. Aliamini limiti ni kama ng'ombe wa maziwa, lazima ilishwe hata siku ambayo huhitaji maziwa. Kwa hiyo alikopa pesa asizozihitaji, akazilaza kwenye simu usiku mmoja, akazirudisha asubuhi. Nilimwonyesha kwa kalamu kwamba ada ya mkopeshaji wetu ni ile ile, ukae na pesa siku moja au mwezi mzima. Yaani alikuwa akilipa kodi ya nyumba ya mwezi ili alale usiku mmoja. Akaniangalia kwa huruma. "Wewe huelewi hizi vitu. Wanaangalia roho ya mtu."

Niliirudisha kalamu, kwa sababu nilijua kulikotoka maneno hayo. Miaka ya nyuma, alipotaka cherehani ya umeme, aliomba mkopo kwenye sako, chama cha akiba na mikopo. Walitaka wadhamini watatu. Akaenda kwa ndugu zake, na ndugu zake, akiwemo mume wangu, wakawa na shughuli nyingi ghafla. Benki ilitaka hati ya kiwanja, na mwanamke aliyerudi kwao na sanduku moja baada ya ndoa kuvunjika hatembei na hati ya kiwanja. Programu haikuuliza lolote kati ya hayo. Iliuliza kama atalipa, akasema ndiyo, akalipa. Kwake hiyo haikuwa biashara, ilikuwa ushahidi.

Basi tukapata kazi ya Loresho. Ilikuwa familia ya mawakili, bwana na bibi, ambao binti yao alikuwa anafanyiwa ruracio, na wakwe wangekuja nyumbani kujadili mahari. Mama wa nyumba alitembea nami chumba kwa chumba akiyatazama mapazia yake ya zamani kama watu waliomtia aibu mbele ya wageni. Alitaka madirisha yote yavalishwe upya, kitambaa kizito cha rangi ya kahawia-dhahabu. Kitambaa chenyewe kilikuwa elfu sabini na tano. Alitupa elfu kumi na tano ya kuanzia, mengine tukimaliza kutundika. Sharti lilikuwa moja: kitambaa kinunuliwe Ijumaa, tushone wiki nzima inayofuata, kazi iishe kabla wakwe hawajafika. Tukichelewa, angempa mtu mwingine wa Westlands ambaye, alisema kwa upole, alikuwa tayari ameleta sampuli.

Sitini zilizobaki zilikuwa zinajulikana zitatoka wapi. Wifi yangu hata hakuinua macho kutoka kwenye cherehani. "Hiyo ni limit yangu yote. Kamili. Ni kama walijua."

Kulikuwa na jambo moja dogo. Alikuwa na mkopo mwingine, wa elfu ishirini, aliouchukua kwa ajili ya vyuma vya mapazia ya kliniki moja ya meno huko Hurlingham. Programu haitoi mkopo mpya kabla ya ule wa zamani kufungwa, na huo wa zamani ulikuwa unatakiwa Jumatatu, elfu ishirini na moja na mia sita pamoja na ada. Hakuna shida. Jumatatu ile mimi nilikuwa Hurlingham namalizia kazi, na daktari wa meno, mtu mwenye mikono safi na maneno machache, akanilipa palepale kwenye simu yangu.

Nikampigia wifi yangu nikiwa bado juu ya ngazi. Tungeweza kufanya mambo kwa njia ya kawaida: nimtumie pesa, yeye alipe kupitia programu yake. Lakini hapo tungekatwa ada ya kutuma, na wifi yangu hajawahi kukubali kukatwa shilingi na mtu mwingine zaidi ya programu yake. Akaniambia nilipe moja kwa moja kutoka kwa simu yangu. Inaruhusiwa. Unaweka nambari ya biashara ya mkopeshaji, halafu nambari ya akaunti, halafu kiasi.

"Akaunti naandika nini?" nikamuuliza.

"Andika jina yangu."

"Jina? Si wanataka nambari?"

"Dada, wewe huwa unaandika nini ukitoa mchango ya matanga? Si jina? Andika jina yangu yote mbili. Hapo wananijua."

Kwa haki yake, ndivyo tunavyofanya. Mchango wa harusi, wa matanga, wa paa la kanisa, wote unaingia kwenye nambari ya biashara, na pale penye akaunti unaandika jina, ili Jumapili lisomwe na watu wageuke kukuangalia. Wanawake wa umri wetu tumeandika majina yetu hapo mara nyingi kiasi kwamba tumesahau kuwa mahali pale paliwekwa kwa sababu nyingine. Nikaandika jina lake, yote mawili. Pesa zikaenda. Ujumbe ukarudi kwamba zimepokelewa, akaunti ni fulani binti fulani, na kweli lilipendeza kulitazama. Nikamrudishia ujumbe huo, nikaendelea kukaza skrubu.

Jioni ile programu ilikuwa bado inaonyesha deni. "Itaapdeti," akasema. Jumanne asubuhi akapata ujumbe kwamba mkopo wake umechelewa na ameongezewa faini. Hakuogopa. Alikasirika, kama mtu aliyeombwa kitambulisho mlangoni kwa mamake mwenyewe. Akapiga simu ya huduma kwa wateja, ikamchezea muziki mpaka salio likaisha. Akapiga tena. Ikamwambia yeye ni mteja wa thamani, ikarudi kwenye muziki.

Jumatano tukafunga kibanda tukaenda ofisini kwao. Kwa kejeli ya majaliwa ofisi yenyewe iko Hurlingham, mtaa mmoja na ile kliniki ya meno, ghorofani, zulia jipya, mmea wa plastiki, na picha ukutani ya mwanamke mwenye duka akicheka na simu yake. Wifi yangu alikuwa amevaa suti yake ya kanisani. Alikuwa ametoa hereni na kuzirudisha mara mbili kwenye teksi.

Aliyetuhudumia alikuwa kijana mwenye adabu, kadi ya kazi shingoni. Alimwomba nambari ya simu. Wifi yangu akamtajia jina lake.

"Nambari, mama."

"Mimi ni Dhahabu," akasema wifi yangu.

"Sawa mama. Nambari?"

Akampa. Kijana akabonyeza, akakunja uso, akaomba ule ujumbe wa malipo, akabonyeza tena. "Ah. Hii pesa ilikam Jumatatu, lakini ilikosa mwenyewe. Account inafaa kuwa namba ya simu yenye ilichukua loan. Hapa umeandika jina, so system haikujua iweke wapi. Imekuwa tu kwa suspense, inangoja mtu aitishe."

"Lakini jina si yangu? Si iko hapo?"

"Mama, jina kama hii iko na watu wengi sana."

Nilimwona anavyolimeza hilo. Nimemwona akitukanwa na makanga wa matatu, na kanjo wa jiji, na mteja aliyetaka pazia la zambarau akaletewa la zambarau. Wote hao aliwajibu; huyu alimsogezea simu karibu tu, alisome jina tena.

Kijana alifanya kazi yake vizuri, sina lawama. Alijaza ombi, akaita mtu wa hesabu, na kabla hatujaondoka pesa zikawa zimehamishiwa kwenye mkopo wake. Faini ikafutwa. Akamhakikishia kwamba jina lake halikuwa limepelekwa kwenye ofisi ya kumbukumbu za mikopo, ile tunayoiita CRB, na kwamba lisingepelekwa kwa siku mbili tu, maana sheria inawataka wampe mtu notisi kwanza. Wifi yangu akapumua. Akatoa simu mkobani, akafungua programu, akaanza kuomba elfu sitini zake palepale mezani.

Programu ikamwambia anaweza kupata elfu kumi.

Ada asilimia kumi na sita. Daraja la Shaba.

"Iko na makosa," akasema, akimgeuzia kijana simu.

Kijana hakuhitaji kuitazama. "Loan ikifungwa, system inakupima upya. Inaangalia siku imefungwa na siku ilifaa kufungwa. Yako imefungwa leo. Ilifaa Jumatatu. So imesoma umechelewa."

"Lakini umesema pesa ilifika Jumatatu. Wewe mwenyewe umesema."

"Ni kweli."

"Na faini mmetoa."

"Tumetoa. Hiyo tunaweza. Limit hatuwezi kuguza, ni system inaamua. Naweza kukuandikia complaint, irudiwe kuangaliwa. Inachukua kama siku kumi na nne."

Siku kumi na nne. Wakwe wa Loresho wangekuwa wamekuja, wamekula, wamekubaliana mbuzi wangapi, na wamerudi kwao.

"Na mikopo ile yote ya nyuma?" nikadakia. "Miaka yote hiyo analipa kabla ya siku, inaenda wapi?"

"Haijaenda, inahesabika. Ndiyo maana imempa elfu kumi, haijamfungia kabisa. Lakini ya mwisho ndiyo inabeba uzito sana. Akichukua hizi kumi alipe on time, kama mara tatu hivi, itaanza kupanda na fee ishuke. Na mama," akamgeukia wifi yangu kwa upole ambao ulizidisha ubaya, "naona hapa huwa unalipa kesho yake. Si lazima. Kwetu hiyo haikuongezei kitu. Bora tu isipite tarehe."

Nilitaka kucheka. Nilikuwa na haki ya kucheka, na ushahidi nilikuwa nao, ulioandikwa kwa kalamu. Lakini nilimtazama akiirudisha simu mkobani polepole, upande wa kioo chini, nikaiacha haki yangu ikae.

Alhamisi asubuhi nilikwenda Biashara Street kwa mzee wa Kihindi anayetuuzia vitambaa. Familia yake imekuwa ikiuza vitambaa hapo tangu kabla sijazaliwa. Anakijua kitambaa kwa kukigusa na anamjua mteja kwa namna anavyopanda ngazi ya duka. Nilimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikunja taulo ambalo lilikuwa tayari limekunjwa.

"Mama, deni hapana. Iko pole sana. Wewe iko mtu mzuri, sister yako iko mtu mzuri. Watu mzuri ndio iko na pesa yangu mingi." Akanikunjulia vidole kuonyesha ni wangapi. Hata hivyo akaahidi kwamba lile jora la kahawia-dhahabu, ambalo lilikuwa la mwisho dukani, halitauzwa hadi Ijumaa jioni atakapofunga. Kwa Biashara Street huo ni ukarimu wa kuandikiwa kitabu.

Njiani nilijaribu programu nyingine, moja baada ya nyingine, kwa jina langu. Mimi sijawahi kukopa kwenye simu, nilidhani huo ni usafi. Kumbe kwao mtu asiye na historia na mtu mwenye historia mbaya wanakaa benchi moja. Moja ilinikataa. Nyingine, baada ya kuniuliza kazi, ndoa na idadi ya wanaonitegemea, ikanipongeza na kunipa shilingi mia nane. Mia nane ingenunua ndoano za pazia la choo.

Ndipo nikamkumbuka mama wa Kitisuru. Uongo, sikuwa nimemsahau hata siku moja. Huyu ni mama mwenye nyumba nyuma ya ukuta, na ukuta nyuma ya nyaya za umeme, na nyaya nyuma ya miti. Tulimtundikia mapazia kabla ya mvua za masika, akasifu kazi, akapiga picha, akawatumia marafiki, na akabaki na elfu sitini na mbili zetu. Kila nikimpigia alikuwa mkutanoni, au safarini, au "mtu wa akaunti" alikuwa mkutanoni au safarini. Sasa, wiki hiyo hiyo, alikuwa amenitumia ujumbe wenye mioyo mitatu akitaka tukapime chumba cha wageni, maana dada yake alikuwa anakuja kutoka ng'ambo.

Nilikwenda na futi yangu ya kupimia shingoni. Askari akanifungulia, mama akanipokea verandani, akaanza kunieleza rangi.

"Mama," nikamkatiza, "bei yako imebadilika."

"Imebadilika aje?"

"Tumekupima upya. Mwanzoni ulikuwa mteja mpya, tukakuamini nusu kwa nusu. Historia yako sasa inaonyesha umechelewa kulipa, na umechelewa sana. Kwa hiyo limiti yako kwetu ni sifuri mpaka deni la zamani lifungwe. Likifungwa, kazi yoyote mpya utalipa yote kabla hatujakata kitambaa, na bei ni asilimia kumi na sita juu. Ukilipa kwa wakati mara tatu hivi, itaanza kushuka."

Alicheka. Halafu akaona kwamba mimi sicheki. Nilitumia sauti ile ile ya kijana wa Hurlingham, ya upole, isiyo na mtu ndani, na nakiri ilikuwa tamu mdomoni.

"Excuse me? Nimekuwa customer yako for how long? Unanijua, unajua hii nyumba. Unafikiri mimi nitakimbia na sixty thousand?"

"Sifikirii chochote mama. Ndivyo inavyosoma."

"Hivyo ndivyo mnafanya biashara siku hizi?"

"Ndivyo tunavyofanyiwa."

Alinyanyua simu yake kutoka mezani kwa vidole viwili. Elfu sitini na mbili ziliingia kwangu kabla mbwa wake hajamaliza kuninusa kiatu. Huo ndio muda ziliouhitaji. Sikuwa nimewahi kuamini kwamba hana, lakini kuona kwa macho yangu jinsi zilivyokuwa karibu hivyo, miezi yote, pale mezani kando ya bakuli la matunda, kulinikasirisha kuliko kama angeniambia amefilisika. Alisema kuhusu chumba cha wageni atanijulisha. Hajanijulisha mpaka leo, na marafiki zake waliotumiwa picha pia hawajanijulisha. Nadhani nimeshushwa daraja huko.

Ijumaa mchana jora lilipanda ngazi za eksibisheni mabegani mwa hamali mmoja mnene. Wifi yangu alilipokea, akalitandaza, akakata. Alishona wiki nzima bila kuitaja limiti. Kwenye chama siku ya Jumapili aliweka simu mkobani, na mkoba chini ya kiti. Yule wa magari mawili akauliza kwa sauti ya juu mbona leo kuko kimya.

Loresho ilikwenda vizuri mpaka nikashuku. Mapazia yalianguka sawasawa mpaka sakafuni, mama wa nyumba akayapitisha mkono kama anayempapasa farasi, na mumewe akatulipa yote siku ile ile, kwa mkupuo, na soda juu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona wakili akilipa bila kuandikiwa barua. Wifi yangu alishukuru. Alinywa soda yake hadi nusu.

Jumatatu iliyofuata nilifika kibandani nikiwa nimechangamka. Tulikuwa na pesa, zetu wenyewe, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze: za jora lijalo, za kodi, na za kubaki. Nilikuwa nimeamua tusikope tena kwa mwezi mzima, ikiwezekana tusikope kamwe. Nilimkuta ameketi kwenye kiti chake, cherehani imezimwa, simu mkononi, kidole gumba kikiwa hewani.

"Unafanya nini?"

"Nachukua ile kumi."

"Ya nini? Pesa si iko?"

"Najua iko."

"Wifi, hiyo ni elfu moja na mia sita ya ada. Bure kabisa. Hiyo ni bitana ya dirisha zima."

"Alisema mara tatu. Nikilipa mara tatu kwa wakati inaanza kupanda."

"Kwani unaihitaji ya nini? Hawakujui! Umesikia mwenyewe, umeambiwa na kijana wao mbele ya macho yangu. Hawakujui hata jina!"

Nilikuwa napiga kelele. Muuza mikoba wa kibanda cha pili alichungulia, akarudi ndani. Wifi yangu hakupandisha sauti. Aliiweka simu mapajani, akalainisha sketi kuizunguka.

"Nimelipa watu maisha yangu yote," akasema. "Nimelipa kodi, nimelipa fees ya watoto wa hao ndugu zangu, nimelipa deni ya bwana yenye sikukula. Sasa nitajie mmoja, mmoja tu, ameniambia hongera kwa kulipa."

Nilimtafutia. Nilianza na mume wangu nikampita haraka. Nikapitia sako, kanisa, chama, wateja wetu wote wa madirisha makubwa, mzee wa Biashara Street. Nilijitafuta na mimi mwenyewe, ambaye nimekaa naye kwenye kijumba kile cha kioo miaka hiyo yote, na kalamu yangu.

Aliinua simu tena kutoka mapajani. Alipoona sina, akabonyeza.